Nimejitoa kwenye huduma ya mtandaoni, kadi inaendelea kukatwa na barua pepe hawajibu. Nawazuiaje?

Mti Mkavu (mleta mada), Juni 10

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi wa mambo ya kadi.

Mwezi wa tatu nilikuwa naomba kazi, nikaingia kwenye tovuti moja ya kutengeneza CV. Unajaza kila kitu bure, ukifika kwenye kupakua ndipo inakudai dola 2.95 za majaribio ya siku 14. Nikalipa tarehe 3 Machi kwa kadi yangu ya Visa, ile ile ya akaunti ya mshahara. OTP ikaja, nikaingiza, nikapakua CV yangu. Kwa maandishi ya sisimizi pale chini walikuwa wameandika kwamba majaribio yakiisha ni dola 25.95 kila wiki nne.

Wakakata 17 Machi, wakakata 14 Aprili. Tarehe 20 Aprili nikawaandikia barua pepe kwamba sihitaji tena huduma yao. Kimya. Ndani ya akaunti kuna kitufe cha kujitoa, ukikibonyeza kinazungukaaa halafu ukurasa mweupe. Namba yao ya simu ni ya Marekani, inapiga muziki mpaka salio linaisha. 12 Mei wamekata, nikaandika tena. Jana 9 Juni wamekata tena. Kila mkato unanitoka kama 68,000 na ushee kwa kiwango cha benki.

Nimepiga huduma kwa wateja wa benki yangu, dada akaniambia "wasiliana na hao uliowalipa". Sasa hao ndio hawajibu! Maswali mawili: nawazuiaje wasikate tena, na hela yangu inarudi?

Natanguliza shukrani.

---

chapakazi255, Juni 10

Mkuu mbona jambo dogo sana hilo. Nenda tawini sema kadi imepotea, wanaifunga, unapewa mpya yenye namba mpya. Wale jamaa wabaki na namba ya zamani wachezee. Mchezo umekwisha.

---

Wa Kilifi, Juni 10

Huku kwetu Kenya mimi hutumia kadi pepe ya M-PESA GlobalPay. CVV yake hubadilika, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kunikata mara ya pili bila mimi kujua. Ondoa kadi ya benki kwa mambo ya mtandao, ni hatari.

---

Mama Tuma, Juni 10

Hata mimi nimechoka na haya makato. Mtoto alipakua mchezo wa magari kwenye simu yangu, nikaufuta ule mchezo siku ile ile mbele yake, bado kila mwezi nakatwa. Hao wa CV na hao wa magari lao moja. Serikali iko wapi?

---

Kaunta Namba 4, Juni 10

Nimefanya kazi kitengo cha kadi cha benki miaka kadhaa, acha nichangie taratibu maana watu watapotezwa hapa.

Mama Tuma, lako ni jingine na ni jepesi. Mchezo ulilipiwa kupitia duka la simu. Kufuta mchezo hakufuti usajili, kama ambavyo kutupa king'amuzi hakufuti kifurushi. Fungua Google Play, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, utaukuta umekaa pale, ukatishe hapo hapo. Kwenye taarifa ya benki utaona muamala unaanza na neno GOOGLE. Ukiliona hilo, usihangaike na mwenye mchezo.

Wa Kilifi, CVV haihusiki na mkato wa pili. Zile namba tatu muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi baada ya malipo ya kwanza kuidhinishwa, kwa hiyo mikato inayofuata haiji nazo kabisa. Kinachokuja ni namba ya kadi iliyohifadhiwa pamoja na alama inayoiambia benki kwamba "huyu mteja alishakubali mwanzo, haya ni malipo ya kujirudia". Ndiyo maana Mti Mkavu hakuletewa OTP tena baada ya 3 Machi. CVV ikibadilika mara mia, ule mkato unapita mlango mwingine. Kinachokulinda wewe kwenye kadi pepe ni kwamba unaweza kuifunga, au kwamba salio la M-PESA halina kitu siku wanapogonga.

Chapakazi, ushauri wako umekaa nusu. Visa na Mastercard wote wana huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya kadi ya mteja inapobadilishwa. Ilianzishwa kwa nia njema, ili umeme wa mtu au bima yake isikatike kwa sababu kadi imeisha muda. Lakini muuzaji msumbufu naye anapelekewa. Inategemea kama benki yako imejiunga na huduma hiyo. Zipo zilizojiunga na zipo ambazo hazimo.

---

chapakazi255, Juni 10

Sasa mkuu mtu atajuaje benki yake imejiunga? Ukimuuliza wa dirishani anakutolea macho.

---

Kaunta Namba 4, Juni 10

Dirishani hawajui, na si kosa lao. Kuna kipimo cha nyumbani: kumbuka mara ya mwisho kadi yako ilipobadilishwa. Kama una usajili mwingine, wa muziki au filamu, uliendelea wenyewe bila wewe kuingiza namba mpya? Kama uliendelea, basi kuna njia namba mpya inapitia. Kama ulikatika mpaka ukaingiza upya, kadi mpya ina nafasi nzuri ya kukusaidia. Kipimo hiki hakina uhakika wa asilimia mia, ila ni bora kuliko kukisia.

Na hilo la kusema kadi imepotea wakati ipo mfukoni, liache. Nitaeleza kwa nini.

---

Mti Mkavu, Juni 10

Kaunta ubarikiwe. Kwa kipimo chako, kadi ilibadilishwa mwaka jana na usajili wangu wa muziki haukukatika hata siku moja. Kwa hiyo kadi mpya hainisaidii?

---

Kaunta Namba 4, Juni 11

Peke yake, usiitegemee. Hebu twende na kesi yako hatua kwa hatua, maana tarehe zako umezipanga vizuri na hizo tarehe ndizo kesi yenyewe.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo benki yenyewe huvichanganya: kuzuia mikato ijayo, na kurudishiwa iliyopita. Ni maombi mawili tofauti na yote unayaandika.

Kuzuia: unachoomba ni amri ya kusitisha malipo kwa muuzaji huyo mmoja. Kadi yako inabaki hai, mafuta unaweka, sokoni unalipa, ila muuzaji huyo akija anakataliwa. Mitandao ya kadi inazipa benki huduma hiyo. Kwa Visa, akikataliwa kwa njia hii, muuzaji anarudishiwa majibu ya R0 au R1, na hayo majibu yanamwambia mteja ameondoa ruhusa, usirudie. Tofauti na "salio halitoshi", ambayo inamwambia jaribu tena baadaye. Tatizo ni kwamba si kila benki imewasha huduma hiyo. Kwa hiyo omba kwa maandishi barua yako ifike kitengo cha kadi, isiishie tawini.

Hesabu wiki zao. Kila wiki nne si kila mwezi, ni siku 28, mikato 13 kwa mwaka. Ndiyo maana tarehe yako inarudi nyuma: 17, 14, 12, 9. Mkato ujao ni 7 Julai. Usiende benki tarehe 6. Nenda wiki hii.

Kurudishiwa: hapa tarehe 20 Aprili ndiyo mpaka. Mkato wa 17 Machi na wa 14 Aprili ulikuwa bado hujajitoa, hiyo usiijaze kwenye fomu ya kusema ulijitoa. Wa 12 Mei na wa 9 Juni ni baada ya kujitoa, hiyo unaipinga yote miwili, kila mmoja kama muamala wake. Kwa Visa sababu yake ni namba 13.2, malipo ya kujirudia yaliyokatishwa. Kwa wenye Mastercard inaingia chini ya 4853. Muda wa Visa ni siku 120 tangu muamala uchakatwe. Huu wa 12 Mei mlango wake unafungwa tarehe 9 Septemba hivi. Benki nayo inahitaji muda wa kuandaa, kwa hiyo usingoje Septemba.

---

Nyuki Dume, Juni 11

Mimi niko upande wa pili, naunganisha mifumo ya malipo kwa wauzaji. Kaunta kasema kweli, naongeza mawili.

Moja, watu hupenda kuacha akaunti tupu ili mkato ugome. Inagoma kweli, lakini kwa majibu ya "salio halitoshi" mfumo wa muuzaji unapanga kujaribu tena. Visa inaruhusu hadi majaribio 15 ndani ya siku 30. Mifumo mizuri ya malipo inajua hata kulenga siku za mishahara. Kwa akaunti ya mshahara kama ya mleta mada, kuacha tupu ni kuahirisha tu. Na kuna kadi za malipo ya kabla ambazo hutoza ada kila muamala unapokataliwa, kwa hiyo unaweza kulipia hata mikato iliyogoma.

Mbili, kizuizi cha benki kinapitika kama kimewekwa kienyeji. Kuna benki zinaandika kizuizi kwa kiasi kamili: zuia 25.95. Muuzaji akipandisha bei iwe 27.95, inapita. Wengine wana majina mawili matatu ya kupokelea malipo. Uliza kizuizi kimewekwa kwa utambulisho wa muuzaji au kwa kiasi. Na ukiona baada ya kizuizi jina geni limekata kiasi kinachofanana, usidhani ni kitu kingine, peleka siku hiyo hiyo.

---

Binti wa Leicester, Juni 11

Mbona nyie mnahangaika hivi? Hapa Uingereza unapiga simu benki unasema naondoa ruhusa kwa kampuni fulani, basi. Benki hairuhusiwi kukuambia uanze na muuzaji. Ukisema kabla siku ya kazi inayotangulia mkato haijaisha, na bado wakaruhusu upite, benki yenyewe ndiyo inakurudishia. Mwambie huyo dada wa simu anavunja sheria.

---

Kaunta Namba 4, Juni 11

Dada wa Leicester, hiyo ni sheria ya Uingereza, kanuni za huduma za malipo, na inawahusu watoa kadi wa huko. Mleta mada kadi yake ni ya benki ya Tanzania. Akienda kutaja kanuni za Uingereza pale dirishani, wataona ni mtu wa kusumbua. Kinachotuunganisha ni kanuni za mitandao ya kadi, hizo ziko dunia nzima. Haki ya kupinga muamala uliokatwa baada ya kujitoa anayo Leicester na anayo Singida. Kizuizi ndicho kinachotegemea benki na nchi.

---

Mti Mkavu, Juni 11

Swali la kijinga kidogo. Jirani yangu anasema niwaambie benki kwamba hiyo miamala siijui, ni wizi, hela inarudi haraka zaidi. Kweli?

---

chapakazi255, Juni 11

Kweli kabisa. Wizi wanashughulikia haraka.

---

Kaunta Namba 4, Juni 11

Hapa ndipo kesi nyingi nzuri zilipokuwa zinafia mezani kwangu, kwa hiyo nivumilieni.

Mteja anakuja na kesi ya kweli kabisa, alijitoa, ana barua pepe. Halafu kwenye fomu anaweka alama kwenye kisanduku cha "sikufanya muamala huu". Tunatuma. Muuzaji anajibu: huyu mtu alijisajili kwa jina lake, kwa barua pepe yake, akathibitisha kwa OTP ya benki yake mwenyewe, akapakua faili lake, hili hapa lina picha yake. Amemaliza. Hatuwezi kusema si yeye, kwa sababu ni yeye. Na ile barua ya kujitoa, ambayo ingemshindia kesi, sasa inamgeuka, maana mtu hawezi kujitoa kwenye kitu asichokijua.

Halafu ukisema wizi, benki inalazimika kuifunga kadi nzima, na umesaini tamko lisilo la kweli. Kwa nini uende huko wakati ukweli wako una kisanduku chake? Kwenye fomu tafuta sehemu ya malipo ya kujirudia yaliyokatishwa. Kama fomu ya benki yako haina kisanduku hicho, na zipo hazina, andika kwenye nafasi ya maelezo: "Nilijisajili mwenyewe tarehe 3 Machi. Nilikatisha tarehe 20 Aprili kwa barua pepe. Muuzaji ameendelea kukata tarehe 12 Mei na 9 Juni. Napinga miamala hii miwili, na naondoa ruhusa kwa mikato yote inayofuata." Sentensi nne. Usiandike hasira, anayesoma fomu ana nyingine nyingi mezani.

Viambatanisho: ile barua pepe ya 20 Aprili ionekane tarehe na anwani uliyoituma. Skrinishoti ya ule ukurasa mweupe, saa ya kompyuta ionekane. Masharti yao ya kujitoa kama bado yako kwenye tovuti, hifadhi sasa hivi kabla hawajabadilisha. Na leo hii watumie barua pepe nyingine fupi ya kukatisha, yenye jina uliloandikisha, barua pepe uliyojisajili nayo na namba nne za mwisho za kadi. Nne tu, usiwape namba nzima. Waandike kwa Kiingereza, maana itasomwa na watu wa nje.

---

Nyuki Dume, Juni 11

Na angalia anwani uliyotuma ile ya kwanza. Kama ulibonyeza "jibu" kwenye risiti yao, mara nyingi ile anwani haipokei kitu. Muuzaji atasema hakupata. Ndiyo maana ya pili itume kwenye anwani iliyoandikwa kwenye masharti yao au ukurasa wa mawasiliano.

Halafu soma jina linalotokea kwenye taarifa ya benki, si jina la tovuti. Wakati mwingine anayekata ni kampuni inayouza kwa niaba yao. Ukiona PADDLE.NET mwanzoni, kwa mfano, Paddle wenyewe wana ukurasa wa kutafuta ununuzi wako na kuukatisha bila kumbembeleza mwenye tovuti. Kama ulipitia PayPal, ingia PayPal kwenye mipangilio ya malipo ya kujiendesha, unamfuta muuzaji hapo. Watu wengi wanaanza vita benki wakati swichi iko karibu nao.

---

Mti Mkavu, Juni 11

Nimeangalia. Ni jina lisilofanana na tovuti, halafu namba ile ile ya simu ya Marekani. Si PADDLE wala PAYPAL. Na ya 20 Aprili, aisee, nilijibu kwenye risiti yao. Ya Mei niliituma kwenye anwani ya msaada, tarehe 13.

---

Kaunta Namba 4, Juni 11

Basi jiandae, kwa mkato wa 12 Mei wanaweza kudai hukujitoa kabla yake. Wa 9 Juni una nguvu zaidi. Wasilisha yote, lakini ujue ipi ni ipi. Kwenye risiti yao kama hawakuandika kwamba anwani haipokei majibu, hilo liseme.

---

Binti wa Leicester, Juni 12

Na ule wa kwanza wa 17 Machi? Nilisoma kwamba Visa waliwabana wa majaribio, lazima wakukumbushe kabla hayajaisha. Alikumbushwa?

---

Nyuki Dume, Juni 12

Dada yuko sahihi hapa. Tangu Aprili 2020 Visa inataka muuzaji wa majaribio amtumie mteja ukumbusho angalau siku 7 kabla ya kuanza kukata bei kamili, na uwe na kiungo cha kujitoa mtandaoni. Mimi kwenye mifumo ninayojenga ni lazima. Kama hakupata ukumbusho, ningepinga na ule wa Machi.

---

Kaunta Namba 4, Juni 12

Hiyo kanuni ipo. Lakini kanuni kuvunjwa na wewe kushinda muamala ni vitu viwili. Huwezi kuuingiza kwenye 13.2, unabidi uende kwa hoja kwamba masharti yalifichwa, na yeye mwenyewe amesema hapo juu yaliandikwa, japo kwa maandishi ya sisimizi. Mimi nisingeuweka kwenye fomu moja na hii miwili, unachafua kesi safi.

---

Nyuki Dume, Juni 12

Nimeona ikirudishwa, mkuu. Muuzaji akishindwa kuonyesha ukumbusho, mwingine anaachia tu bila kubishana.

---

Kaunta Namba 4, Juni 12

Na mimi nimeona ikigonga mwamba. Fomu tofauti basi, tukubaliane hapo.

---

Mama Tuma, Juni 12

Nimeukuta ule usajili wa magari! Ulikuwa umejificha pale pale ulipoelekeza baba. Nimeukatisha. Imeniambia nitaendelea kuutumia hadi tarehe 28, sasa nani atautumia, mchezo nilishaufuta.

---

Mti Mkavu, Juni 14

Wakuu, mrejesho. Jana nilienda tawini. Yule wa dirishani kweli akaniambia kanunue mgogoro na wenye tovuti. Nikamwambia naomba fomu ya kupinga muamala na naomba barua yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Kusikia mhuri akamwita msimamizi wake. Msimamizi akanisikiliza vizuri, akapiga simu makao makuu kitengo cha kadi mbele yangu.

Kizuizi: wanacho. Aliniuliza niwape kiasi, nikamwambia kwa utambulisho wa muuzaji kama Nyuki Dume alivyosema. Akarudi kwenye simu dakika kadhaa, akasema inawezekana, wanachukua utambulisho kwenye muamala wa 9 Juni. Nimepewa namba ya kumbukumbu. Pia amenionyesha kwenye programu yao ya simu kuna swichi ya kuzima malipo ya mtandaoni kwenye kadi, sikuwahi kuiona.

Nimejaza miamala miwili. Machi nimeiacha kwanza.

---

Kaunta Namba 4, Juni 14

Vizuri sana. Ile swichi izime kuanzia tarehe 5 Julai hadi upate uhakika, kama huna kingine unacholipia mtandaoni. Ni mkanda wa pili. Muziki wako utakatika siku hizo, vumilia.

Muuzaji ana takriban mwezi kujibu pingamizi la Visa, na benki zenu zina muda wao juu ya huo. Ukirudishiwa usishangae kiasi kikitofautiana kidogo na ulichokatwa. Inarudi kwa dola, kiwango cha siku hiyo ni kingine.

Benki ikikaa kimya, dai jibu la maandishi. Likikosekana au lisiporidhisha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na kitu cha kwanza watakachokuuliza ni kama ulianza na benki yako. Mhuri wako ndio jibu.

---

Mti Mkavu, Julai 8

Jana saa tisa usiku ujumbe umeingia: muamala umekataliwa, dola 25.95. Sikulala tena kwa raha. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, wamenijibu! Wameandika kwamba malipo yangu yameshindikana, niweke kadi nyingine, nisipofanya hivyo deni langu litapelekwa kwa wakusanya madeni. Hii ina ukweli?

---

Kaunta Namba 4, Julai 8

Miezi mitatu hawakuwa na mikono ya kuandika, leo wamepata.

Kwa uzito wake lakini: kuzuia mkato na kuvunja mkataba ni vitu tofauti. Angekuwa mtu wa gimu aliyesaini mwaka mzima na kulipa kwa awamu, kizuizi cha benki kisingefuta deni, wangeweza kumdai. Ndiyo maana nilisisitiza kukatisha kwa maandishi na si kuziba tu. Soma masharti uliyohifadhi: kuna muda wa chini wa mkataba? Kama ni wiki nne kwa wiki nne na unaruhusiwa kujitoa wakati wowote, hakuna deni baada ya kujitoa.

Wajibu mara moja. Waambie ulikatisha 20 Aprili, ukarudia 13 Mei na Juni, huweki kadi yoyote, na wathibitishe akaunti imefungwa. Sasa umepata anwani ambayo mtu anasoma, itumie hiyo hiyo. Na barua yao uipeleke benki iunganishwe kwenye faili, maana inaonyesha barua pepe zenu zinafika.

---

Nyuki Dume, Julai 8

Barua hiyo hutumwa na mfumo wenyewe malipo yakigoma, nina hakika hakuna binadamu aliyeiandika. Ila ukijibu, huwa inaingia kwenye foleni ya watu.

---

Mti Mkavu, Julai 31

Mkato wa 9 Juni umerudi, pungufu ya ulivyokatwa kama 900. Wa 12 Mei muuzaji amepinga, anasema barua ya 20 Aprili ilienda kwenye anwani isiyopokea na kwamba masharti yao yanasema kujitoa ni kwa kitufe. Benki imenipa nafasi ya kujibu. Nimewapa ile skrinishoti ya ukurasa mweupe, na risiti yao yenyewe, ambayo haijasema popote kwamba usijibu hapa. Nangoja.

Tarehe 4 Agosti ndiyo zamu yao tena kwa hesabu ya siku 28. Swichi bado nimeizima.

---

chapakazi255, Julai 31

Mkuu na ile ya Machi umeipeleka? Siku 120 zake si zimeshapita?

---

Kaunta Namba 4, Julai 31

Tangu 17 Machi, zilipita katikati ya Julai.

---

Nyuki Dume, Julai 31

Nilisema.